Mtandao ulio chini ya mparachichi: kuufikisha ndani kwa antena ya nje, na lini busta inafaa

Nyumbani kwa mama mdogo wangu, bondeni chini ya Soni kwenye milima ya Usambara, kuna njia nyembamba iliyokanyagwa hadi majani yameisha. Inaanzia mlango wa jikoni, inapita nyuma ya zizi la mbuzi, inapanda hadi kwenye mparachichi ulio kona ya juu ya shamba, kama mita 40 hivi. Haiendi kisimani wala dukani. Ni njia ya simu. Mtu akitaka kuongea na ndugu wa Tanga au kuangalia kama pesa imeingia, anapanda hadi pale, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Aliponiita alikuwa ameshaambiwa dawa yake. "Mwanangu, niletee ile mashine ya kuvuta mtandao," akasema. Alimaanisha busta. Nafunga vifaa hivi, na ombi hilo nalisikia kila mwezi. Ila busta haivuti kitu. Kinachokamata mtandao ni antena. Busta inakuza tu kile ambacho antena imeshakipata, pamoja na makelele yake. Kwa hiyo kazi inaanza kwa kutafuta mahali ambapo mtandao upo, na mara nyingi hapo ndipo inapoishia pia, bila busta. Njia ile ya kwenda kwenye mparachichi ilikuwa imeshanifanyia nusu ya upimaji.

Hatua ya 1: Pima kwa namba, usipime kwa vijiti

Vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu havitoshi. Kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka, na vijiti viwili kwenye simu moja vinaweza kuwa vinne kwenye nyingine. Kwenye simu nyingi za Android piga:

```
*#*#4636#*#*
```

Fungua ukurasa wa taarifa za simu, kisha uichague simu ibaki kwenye `LTE only` ili isirukeruke kati ya 4G na 2G wakati unapima. Tafuta `RSRP`, yaani nguvu ya mtandao unaofika kwenye simu, au mahali palipoandikwa `Signal strength`. Simu yako isipokubali namba hizo, ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini; utakuta kitu kama `-111 dBm 29 asu`. Namba unayoitaka ni ile yenye alama ya kutoa.

Isome kama deni: aliye na -90 ana afadhali kuliko aliye na -110. Kwa 4G, -80 hadi -90 ni mtandao mzuri wa kufanyia kazi. Kwenye -100 bado unaishi nao. Ukifika -110 simu inaanza kuhangaika na betri inaisha upesi, na karibu na -120 hakuna kitu. Kila desibeli 3 unazopata ni nguvu mara mbili, na kila 10 ni mara kumi. Ndiyo maana kupanda kutoka -110 hadi -100 si jambo dogo hata kidogo.

Namba ya pili ni `SINR`, inayolinganisha mtandao unaoutaka na makelele yanayouzunguka. Ikiwa 15 au zaidi, intaneti itakimbia. Ikiwa karibu na sifuri au chini yake, hata vijiti vikijaa utaona duara linazunguka tu. Simu nyingi haziionyeshi, lakini ruta karibu zote za 4G zinayo kwenye ukurasa wake, ambao kwa nyingi hufunguliwa kwa kuandika `192.168.8.1` au `192.168.1.1` kwenye kivinjari. Nikienda kupima huwa nabeba ruta ndogo na betri yake.

Pima sehemu nne angalau: ndani unapokaa, uani, juu ya ngazi usawa wa kipeo cha paa, na mahali ambapo watu wa nyumba huenda kupigia simu. Kila unapohama, washa na uzime hali ya ndege, kisha subiri nusu dakika, kwa sababu simu huchelewa kubadilisha namba. Usiibane simu kwenye kiganja. Inyanyue mbali na mwili.

Kwa mama mdogo nilipata hivi: sebuleni -119, uani -111, juu ya ngazi -106, na chini ya mparachichi -98, `SINR` 9. Tofauti ya sebuleni na uani ni desibeli 8, na hiyo ni kazi ya kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati. Bati ni ngao; mawimbi hayapenyi, yanaingia kwa kupitia madirishani. Lakini tofauti kubwa zaidi ni ile ya uani na kwenye mparachichi, desibeli 13, na hiyo haihusiani na nyumba. Ukisimama pale juu unaona pengo kati ya vilima viwili upande wa magharibi, na mnara uko nyuma ya pengo hilo. Nyumba yenyewe imejificha chini ya mgongo wa kilima.

Kama umepima sehemu zote, pamoja na juu ya paa, na hakuna hata moja inayopata nafuu ya -115, simama hapo. Antena nzuri juu ya nguzo ndefu inaweza bado kukutoa, lakini usinunue mpaka mtu aje na yake aijaribu. Na busta usiiguse kabisa, maana haina cha kukuza.

Hatua ya 2: Jaribu laini zote kabla ya kununua chochote

Hii haigharimu kitu na watu wanairuka. Azima laini za kampuni nyingine kwa majirani, rudia vipimo vile vile. Milimani minara haiko upande mmoja. Kampuni unayoitumia inaweza kuwa na mnara nyuma ya kilima, na nyingine ikawa na wake mbele yako. Nimewahi kufika nyumba moja na antena, nguzo na mkoba mzima wa vyombo, nikaondoka nimebadilisha laini tu.

Angalia pia masafa. Megahezi 700, 800 na 900 huenda mbali, hujikunja kidogo juu ya vilima na hupenya migomba vizuri kuliko 1800 na 2100. Ukurasa wa ruta hukuonyesha unatumia lipi, kwa maandishi kama `B20` au `B28` kwa yale ya chini, na `B3` kwa 1800. Baadhi ya ruta hukuruhusu kuchagua. Bondeni, mara nyingi la chini ndilo litakalokufaa, hata kama kasi yake kwenye karatasi ni ndogo.

Hatua ya 3: Amua unataka nini kiingie ndani

Kuna vitu viwili ambavyo watu huviita "mtandao", na vifaa vyake si kimoja.

Kama unataka intaneti, yaani WhatsApp, masomo ya watoto, televisheni ya mtandaoni, basi unahitaji ruta yenye laini na antena ya nje. Antena inapokea, ruta inageuza kuwa waifai, nyumba nzima inatumia. Hakuna kinachokuzwa wala kurushwa upya, kwa hiyo humsumbui mtu.

Kama unataka simu ya mkononi yenyewe ishike mtandao sebuleni, ipige na ipokee simu za kawaida, ipate ujumbe wa benki na ikubali `*150*00#`, waifai haitatosha. Menyu za namba kama hiyo hupita kwenye mtandao wa simu, si kwenye intaneti, na hili huwakwaza wengi baada ya kulipia ruta. Programu ya M-Pesa hufanya kazi kwenye waifai, lakini aliyezoea menyu ya kitochi haitamsaidia. Hapo ndipo busta huingia kwenye mazungumzo. Ila hata hapo ipo njia ya kati: simu ya mezani inayotumia laini, yenye kijiti cha antena kinachofunguliwa kwa kuzungusha. Unatoa kijiti, unachomeka antena ya nje, na nyumba ina simu isiyokatika. Ni kifaa cha bei ya chini, na wazee wanakipenda kwa sababu ya vitufe vikubwa.

Mama mdogo alihitaji vyote viwili: intaneti kwa ajili ya mjukuu wake wa kidato cha tatu, na simu ya kawaida kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Antena na nguzo

Kwa kijijini chukua antena inayoelekea upande mmoja. Inayofaa nyumba nyingi ni ile ndefu bapa yenye vijiti vinavyopungua urefu kadiri unavyokwenda mbele, kama mfupa wa samaki. Hupokea masafa karibu yote ya simu, kuanzia 700 hadi 2700, na hukuza kwa desibeli 9 hadi 11 hivi kwa kukusanya nguvu kutoka upande mmoja badala ya kutazama kila upande. Antena ya Yagi ya masafa mamoja inaweza kuwa kali zaidi, lakini ukiinunua ya 900 na mtandao wako uko 1800, umenunua fimbo ya kuanikia nguo. Antena za fimbo wima zinazopokea pande zote zinafaa karibu na minara mingi, bondeni hazitoshi.

Ruta ya 4G ina matundu mawili ya antena, na sababu yake ni kwamba mnara hutuma mikondo miwili kwa pamoja. Kwa hiyo funga antena mbili kwenye nguzo moja, moja imelala nyuzi 45 kulia na nyingine nyuzi 45 kushoto, zikitengeneza umbo la X ukizitazama kwa mbele, zote zikielekea mnara ule ule. Ukiwa na moja tu, itafanya kazi, ila utakosa sehemu kubwa ya kasi. Hakikisha pia viunganishi vinalingana kabla hujatoka dukani: ruta nyingi zina SMA au TS9, na TS9 ni dhaifu, ukiivuta inang'oka na kipande cha ndani. Tena, kwenye baadhi ya ruta zile fimbo za nje zinazozungushwa ni za waifai. Ukichomeka antena yako hapo utashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Nguzo ya bomba la maji la inchi moja na nusu inatosha kwa mita 6, ikishikiliwa na waya za kuvuta pande tatu. Lengo ni antena ivuke majani. Migomba na mikaratusi ikilowa huzuia zaidi, na ukifunga kiangazi bila kuacha nafasi, masika itakurudisha juu ya ngazi.

Kuelekeza kunahitaji watu wawili, mmoja kwenye nguzo na mwingine kwenye ukurasa wa ruta akisoma namba kwa sauti. Hakikisha kwanza ruta imewekwa itumie antena ya nje. Kwenye mipangilio tafuta `Antenna`, chagua `External`. Anza upande unaodhani mnara upo, zungusha kidogo kidogo, kama upana wa ngumi uliyoinyoosha mbele ya macho, subiri nusu dakika, andika. Zunguka duara zima hata kama umeshapata namba nzuri, maana milimani mawimbi hujipiga kwenye mwamba na kukujia kutoka usikotarajia. Pale `RSRP` na `SINR` zinapogombana, mfuate `SINR`. Ukiwa juu unaweza kuwa unaona minara mitatu kwa pamoja, inakupigia kelele yote, na uelekeo wenye nguvu nyingi si lazima uwe ndio msafi.

Hatua ya 5: Waya, mahali ambapo kazi nzuri hufia

Waya wa koaksi, ule unaotoka kwenye antena hadi kwenye ruta, hula mtandao. Ule mwembamba ulioandikwa RG58, kwa masafa ya 1800, mita 10 hupoteza desibeli 7 au 8. Maana yake ni kwamba chini ya moja ya tano ya nguvu uliyoikamata ndiyo inayofika kwenye ruta. Ule mnene ulioandikwa LMR400, kwa urefu huo huo, hupoteza kama 2. Umenunua antena ya desibeli 10, ukafunga waya mwembamba wa mita 15. Umerudi pale pale ulipoanzia, na utalaumu antena.

Kwa hiyo koaksi iwe fupi iwezekanavyo, na mzigo uliozidi usiuzungushe na kuuning'iniza ukutani, ukate. Lakini kwa mama mdogo kutoka kwenye mparachichi hadi ndani ni mita 55 ukifuata uzio. Hakuna koaksi ya kununulika kijijini itakayovuka hapo.

Dawa ni kuhamisha ruta, siyo mtandao. Niliiweka ruta pale pale kwenye nguzo, ndani ya kisanduku cha plastiki kisichopitisha maji, koaksi ikawa nusu mita tu, kisha nikateremsha waya wa kompyuta, ule wenye nyuzi nane ndani, hadi nyumbani. Waya huo hubeba data, na data haipungui njiani. Hadi mita 100 inafika kama ilivyotoka. Ndani nikaweka kisanduku kidogo cha kutoa waifai.

Kosa nililifanya kwenye umeme. Ruta ile inataka volti 12 na inakula kama wati 10, nami nikaupitisha umeme huo huo wa volti 12 kwenye nyuzi za waya zilizobaki. Ruta ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, siku nzima. Nilipopima kule juu nilikuta volti 8 na zinashuka. Nyuzi zile ni nyembamba, na kwa volti ndogo mkondo unaohitajika ni mkubwa, kwa hiyo umeme unaishia njiani. Nilibadilisha: volti 48 kutoka nyumbani, na kifaa cha kushusha hadi 12 ndani ya kisanduku cha juu. Sasa kinachopotea ni kama volti moja. Ukiona ruta ya mbali inajizima na kujiwasha hasa inapoanza kufanya kazi nzito, pima volti kabla hujalaumu mtandao.

Matokeo: ruta ilisoma `RSRP` -88 na `SINR` 14, na asubuhi ile intaneti ilikwenda megabiti 18 kwa sekunde. Kwa upande wa simu, nilifunga Yagi ndogo ya 900 kwenye ukingo wa paa, koaksi ya mita 6, hadi simu ya mezani kando ya kiti chake. Mtandao wa 2G pale paani ulikuwa -95, na kwa kupiga simu hiyo inatosha kabisa.

Hatua ya 6: Kama ni lazima busta

Kuna mahali ambapo haikwepeki: zahanati, duka la wakala, nyumba ya wageni, popote ambapo watu wengi wenye simu zao wanataka kuongea wakiwa ndani. Busta kamili ina sehemu tatu: antena ya nje inayoelekea mnara, mashine yenyewe, na antena ya ndani inayorusha chumbani. Inafanya kazi pande zote mbili. Inakuletea sauti ya mnara na inapeleka sauti ya simu yako mnarani.

Kabla ya yote, sheria. Busta inarusha kwenye masafa ambayo kampuni za simu zimepewa leseni, siyo wewe. Nchini Tanzania kifaa cha namna hii lazima kiwe kimeidhinishwa na TCRA, na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Anza kwa kampuni yako ya simu: waeleze tatizo, omba waje wapime au wakubali kifaa. Sisemi haya kwa ajili ya makaratasi. Busta mbovu humwaga kelele mnarani mchana na usiku. Mnara ukijaa kelele, simu zote za kijiji hulazimika kupaza sauti ili zisikike. Betri zinaisha na simu zinakatika, na hakuna anayejua kwamba chanzo ni paa la jirani. Zile za bei ya chini zisizo na jina, zisizojipunguza zenyewe, ndizo zinazofanya hivyo.

Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukuletea moja, mshukuru na umkataze. Zilizotengenezwa kwa ajili ya kule hukuza 850 na 1900, wakati huku simu ziko 900, 1800 na 2100. Itawaka taa zote na haitakusaidia.

Hatari kubwa ya kufunga ni mashine kujisikia yenyewe. Umeshasikia kipaza sauti cha msikitini au kanisani kikipiga mluzi mkali kwa sababu kimesogezwa karibu na spika. Busta hufanya hivyo hivyo, ila mluzi wake husikii kwa masikio. Antena ya ndani ikirusha na ya nje ikadaka, inazunguka bila mwisho. Kama busta inakuza desibeli 65, kizuizi kati ya antena zako mbili kinatakiwa kifike 80 hivi. Hapa bati, lililokuwa adui yako, linageuka rafiki: antena ya nje iwe juu ya paa ikitazama mbali na nyumba, ya ndani iwe chini ya bati ikitazama upande mwingine, na umbali kati yao usiwe mdogo. Kutenganisha kwa kimo hufaa kuliko kwa mlalo. Nyumba ya makuti haina ngao hiyo, na humo busta kubwa haiwezi kufungwa vizuri.

Chomeka antena zote mbili kabla ya kuwasha umeme. Anza na ukuzaji wa chini kabisa, panda taratibu hadi taa ya onyo iwake, kisha shuka desibeli 5 au zaidi. Dalili za kujisikia ni hizi: simu ina vijiti vyote lakini haiunganishi, namba zinapanda na kushuka kila sekunde, au mtandao unakuwa mzuri pale tu unapoizima mashine. Ukiona hivyo tenganisha antena. Kuongeza nguvu kutaharibu zaidi.

Usitegemee pia nyumba nzima. Nje kukiwa na -80, busta ya nyumbani hufunika vyumba vinne au vitano. Nje kukiwa na -105 utapata chumba kimoja, pengine kiti kimoja karibu na antena. Ukiona hivyo, pesa yako ingefaa zaidi kwenye nguzo.

Hatua ya 7: Radi na maji

Usambara radi hazikosekani, na nguzo ya chuma kwenye mteremko ni mwaliko. Piga fimbo ya shaba ardhini chini ya nguzo, iingie yote, uiunganishe na nguzo kwa waya mnene ulionyooka. Weka kinga ya radi kwenye waya unapoingia nyumbani. Hata hivyo hakuna kinga ya bei hii inayostahimili pigo la moja kwa moja, kwa hiyo wingu likitanda chomoa waya ukutani, na nilimfundisha mjukuu kufanya hivyo kabla sijaondoka.

Maji ni adui mpole zaidi. Kila kiunganishi cha nje kizungushie mpira unaojishika wenyewe, kisha tepu nyeusi juu yake. Kabla waya haujaingia ukutani uache uning'inie chini kidogo ili matone yaangukie nje. Mtandao unaoshuka desibeli 10 baada ya mvua na kurudi kukikauka, kwa kawaida una maji kwenye kiunganishi.

Kisichowezekana kurekebishwa ukiwa nyumbani

Jioni ile ile, saa mbili usiku, intaneti ilishuka hadi megabiti 4. Mjukuu alidhani antena imehama. Tukafungua ukurasa wa ruta: `RSRP` -88, `SINR` 13, karibu sawa na asubuhi. Antena ilikuwa palepale. Kijiji kizima kilikuwa kimerudi kutoka shambani na kuwasha simu. Mnara una kiasi chake cha kugawa, na njia inayouunganisha na mjini ina kiasi chake pia. Hakuna antena wala busta inayoongeza hapo. Unachoweza kufanya ni kujaribu masafa mengine au mnara mwingine, au kupakua masomo alfajiri.

Kuna mpaka mwingine usiojulikana sana, wa 2G. Mnara wa kawaida wa 2G huhesabu muda ambao sauti ya simu inachukua kufika, na hesabu hiyo inaishia kilomita 35. Kwenye nyika za wazi au baharini unaweza kuona vijiti vimejaa kutoka mnara wa kilomita 40, ukapiga na kupiga bila kuunganishwa. Hapo tatizo ni umbali wenyewe, na ukuzaji wowote ni bure.

Niliandika kwa kalamu ya kudumu ndani ya mlango wa kisanduku: tarehe, uelekeo wa dira, `RSRP` -88, `SINR` 14. Mtandao ukisumbua, wanalinganisha kwanza. Namba zikiwa zile zile, ni msongamano wa mnara, wasubiri. `RSRP` ikiwa imeshuka kwa 10, ni upepo umegeuza antena, au maji, au mgomba umeota mbele yake, na mtu apande akaangalie. Ikiwa haisomi kabisa, waangalie umeme kabla ya kunipigia. Mwezi wa nne walinipigia: -97. Ulikuwa mgomba.